Madonge yangu ya vumbi la mbao yanafuka moshi, na wateja wameyarudisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga, jirani na mashine za kupasulia mbao. Vumbi la mbao hapa ni bure, wenye mashine wanalichoma tu ili lisiwajazie uwanja. Nilianza na shilingi 60,000. Nikaloweka makaratasi ya shule na maboksi, nikachanganya na vumbi, nikafinyanga madonge kwa mkono na kuyaanika. Nimeshatengeneza kama 300. Niliuza pakiti kumi na mbili, lakini jirani yangu amenirudishia yake, anasema nyumba imejaa moshi na sufuria zimekuwa nyeusi kama lami. Mwingine anasema yanamumunyuka. Nimebakiwa na 38,000. Kuna kijana ananiambia shida ni kukosa mashine ya kushindilia, na kwamba naweza kukopa 850,000 nikalipa kila wiki. Nichukue? Au niachane na biashara hii?

Mama wa Wawili, Mafinga

*

Marahaba mwanangu.

Usikope, na usiachane nayo. Mashine ya kushindilia ingekupa madonge magumu na mazuri kutazama, lakini yangefuka moshi vilevile, kwa sababu unachouza sasa bado ni kuni. Ni kuni zilizosagwa zikafinyangwa upya. Mti ukipata moto, kwanza unatoa mvuke wa maji, halafu unatoa moshi wenye mafuta na lami. Mkaa umekwisha kupitia hatua hizo mbili kwenye tanuri, ndiyo maana ukiuwasha unawaka kaa jekundu bila kusumbua macho. Wewe umeruka tanuri, na lile tanuri limehamia jikoni kwa jirani yako.

Kwenye mafiga ya kuni moshi huo ungepata hewa ya kutosha na sehemu kubwa ingegeuka ndimi za moto. Jiko la mkaa limeumbwa kwa hewa kidogo inayopita chini, kwa hiyo moshi unatoka bila kuungua na kuganda kwenye sufuria. Na mbao za huko kwenu nyingi ni paina, ambayo ina ulimbo mwingi. Ulimbo huo umeongeza ile lami aliyoiona jirani yako.

Basi kazi yako ni moja: kuligeuza vumbi liwe mkaa kabla ya kulifinyanga. Na hapo ndipo wengi wanaoanza na vumbi la mbao wanapokwama, kwa sababu ni laini mno. Ukilijaza kwenye pipa na kuliwasha, hewa haipiti katikati. Juu litageuka majivu, pembeni litakuwa jeusi, na ukilichimbua katikati utalikuta bado na rangi ya mbao. Mchomaji wa magunzi ya mahindi au vifuu vya nazi hana shida hiyo, maana vipande vyake vinaachiana nafasi.

Lakini wewe, bila kujua, umeshalitatua tatizo hilo. Yale madonge uliyobaki nayo yana nafasi kati yake. Yakiwa makavu kabisa yanachomeka kwenye pipa kama magunzi. Usiyatupe. Hayo ndiyo malighafi yako ya kwanza, na kuanzia sasa utaendelea kufinyanga vumbi na karatasi kwa ajili ya pipa, siyo kwa ajili ya mteja. Hata yakipasuka humo ndani haidhuru, kwani utayatwanga baadaye.

Nenda kwa wanaouza vyuma chakavu utafute pipa la lita 200. Lisiwe lililobeba dawa za shamba wala kemikali. Lililooza kitako halina neno, kwa sababu utalitoboa mwenyewe. Pigania bei isizidi 15,000. Kata juu, ile duara uliyoikata itakuwa mfuniko. Chini toboa matundu matano, kila moja upana wa vidole viwili. Liweke juu ya mawe matatu mahali pa wazi, mbali kabisa na malundo ya vumbi ya wenye mashine, maana cheche moja inaweza kufukuta ndani ya lundo hilo siku nyingi bila mtu kujua, halafu likalipuka usiku upepo ukivuma.

Simamisha gogo lenye unene wa mkono katikati ya pipa, panga madonge kulizunguka mpaka karibu na ukingo, kisha livute litoke. Limebaki tundu la hewa kutoka chini mpaka juu. Tumbukiza humo nyasi kavu na maranda yanayowaka. Kuanzia hapo kazi yako ni kusoma moshi. Mwanzo utakuwa mweupe na mzito. Hayo ni maji. Baadaye utakuwa na rangi ya manjano na utakuwasha macho na koo; hiyo ndiyo lami inatoka. Ukishika moto wenyewe juu ya pipa, uache uwake, ni afadhali uungue kuliko kwenda kwa majirani. Baada ya nusu saa hadi saa moja, kutegemea ukavu wa madonge, moshi utapungua, utakuwa mwembamba wenye ubuluu, na madonge ya juu yataanza kuonyesha kaa jekundu. Usingoje zaidi ya hapo. Kila dakika unayongoja sasa inageuza mkaa kuwa majivu.

Muwe wawili. Mmoja asukume pipa kwa mti mrefu, mwingine aondoe mawe kwa mti mwingine, pipa likae chini. Zungushieni udongo kwenye kitako, wekeni mfuniko, mzibe ukingo kwa tope zito. Ukiona hata uzi mmoja wa moshi unatoka, hapo hewa inaingia. Paka tope tena. Lifungue kesho yake, siyo usiku huohuo. Mkaa wenye joto ukipata hewa unawaka upya mbele ya macho yako, kwa hiyo uwe na ndoo ya maji karibu, na mkaa huo ulale nje usiku mmoja zaidi kabla ya kuingia stoo.

Sasa chukua punje chache za ulichokipata, zidondoshe juu ya kaa jekundu. Zikiwaka kimyakimya bila moto wa njano wala moshi mweupe, umeiva. Zikitoa moshi, ni mbichi, zirudishe kwenye pipa la awamu inayofuata. Hata vidole vinajua: mkaa ulioiva unaacha weusi mkavu na hauna harufu ya mbao, ule mbichi ni wa kahawia na unanuka kama chombo cha kukaushia samaki.

Lazima nikuambie jambo ambalo huyo kijana wa mashine hakukuambia. Ukichoma kilo 100 za mbao kavu kwa pipa la namna hii, utapata kilo 20 hadi 25 za mkaa. Na vumbi linalotoka kwenye gogo bichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo kilo 100 za vumbi ulilolibeba leo asubuhi zitakuachia kilo kumi, kumi na mbili hivi. Madonge yako yaliyobaki, tuseme ni 250, kama kila moja lina gramu 120 likiwa kavu, ni kilo 30, nayo yatakupa kilo 6 au 7 za mkaa kwa kuchoma mara mbili. Vumbi ni bure, ila mkaa wake una jasho ndani yake. Ukitegemea vumbi peke yake utachoka kabla hujapata faida.

Ndiyo maana nakutaka uchanganye na chenga za mkaa. Kila muuza mkaa hapo mjini ana chenga chini ya gunia, hazinunuliki, wengine wanazimwaga. Zile zimeshaiva tayari. Tatizo lake ni mchanga, kwa sababu zinafagiliwa kutoka chini. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, ukoroge, uache itulie: chenga nyingi zitaelea, mchanga utazama. Ukiona kitako kimejaa mchanga, usizinunue, hata kama ni za mia mbili. Mpe muuza mkaa kiroba chako akitandike chini ya rundo lake, aziache zidondokee humo. Mpatane bei ndogo kwa kiroba, na ukipita kila wiki utakuta zako zinakungoja.

Mchanganyiko wa kwanza uwe hivi. Kilo 14 za chenga, kilo 6 za mkaa wa vumbi lako. Vitwange kwenye kinu kibovu ambacho hakitarudi kutwanga kisamvu, uvinyunyizie maji kidogo ili vumbi jeusi lisiruke, na ujifunge khanga puani. Chekecha kwa wavu wa dirisha. Kisichopita kirudi kinuni. Ungaunga huo ukiwa laini unashikana, ukiwa na mawemawe ndipo madonge yanapomumunyuka, hata ukiweka gundi ya aina gani.

Gundi yenyewe ni uji wa muhogo. Kwa kilo 20 za unga mweusi unahitaji kilo moja ya unga wa muhogo, basi. Ukoroge kwanza kwenye lita 2 za maji baridi usiwe na madonge, kisha umimine kwenye lita 6 za maji yanayochemka huku unakoroga. Mwanzo ni mweupe kama maziwa. Ukiiva unageuka kama kioo chenye ukungu, na ukiinua mwiko unavutika. Uji usioiva haushiki, na hili ni kosa la kawaida kabisa: mtu anaweka unga mbichi, anashangaa madonge yanapasuka. Umimine kidogo kidogo ukiwa bado moto, uchanganye kwa koleo na baadaye kwa mikono ukipoa. Shika konzi, ikamue. Ukifungua mkono, donge libaki na alama za vidole bila kupasuka, na maji yasichuruzike kati ya vidole. Likipasuka, ongeza maji kidogo. Yakichuruzika, ongeza unga mweusi.

Kama muhogo ni ghali, nenda kwenye mashine ya kusaga mahindi uombe unga wa kufagia sakafuni. Haufai kuliwa, lakini kwa gundi unafaa. Ongeza kipimo kidogo na upike vilevile. Makaratasi nayo yanaweza kushika, yakilowekwa siku tatu na kutwangwa mpaka yawe kama ugali mwepesi. Ila karatasi ni mti ambao haujachomwa, kwa hiyo kadiri unavyoiongeza ndivyo moshi unavyorudi, na karatasi za kung'aa za magazeti na matangazo zimetiwa madini yanayobaki kuwa majivu. Mimi ningeziacha zikae kwenye yale madonge ya pipani, ambako moshi wake unaishia nje.

Kuna watu watakushauri udongo wa kichuguu, kwa kuwa ni bure. Niliufuata ushauri huo mwaka wangu wa kwanza. Niliweka robo nzima. Madonge yalitoka magumu kama mawe ya mto, nikajisifu. Mama lishe mmoja aliyaweka chini ya maharage saa tatu asubuhi, na saa nane maharage yalikuwa bado yanagonga sufuria. Nilipochungulia jikoni nikaona madonge yamesimama na umbo lake lote, yamekuwa mekundu ya matofali. Nilikuwa nimemuuzia matofali. Alipoteza mauzo ya siku nzima, na nilimlipa. Udongo kidogo sana unaweza kusaidia donge liwake taratibu, lakini wewe ambaye chenga zako zina mchanga tayari, usiuguse.

Kufinyanga, mikono inatosha. Tengeneza duara za ukubwa wa limao kubwa, siyo ngumi. Donge la ngumi linakauka nje na kubaki na maji ndani, na maji hayo ndiyo yanayolifanya lizimike jikoni na kupasuka. Kama unataka yalingane, kata kipande cha bomba la plastiki, tafuta mti unaoingia humo, jaza, gonga, sukuma litoke. Kwa mikono miwili na mtoto mkubwa akitoka shule, kilo 20 ni kazi ya alasiri moja.

Kuanika ndiko kutakakoamua mwaka wako, kwa sababu Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800, na jua lake si la Dodoma. Funga kichanja cha mabanzi chenye nafasi kati ya mbao, hewa ipite chini, na juu uwe na nailoni unayoweza kuivuta ukungu ukishuka. Usianike chini kwenye turubai; upande wa chini unabaki na unyevu na unaota ukungu mweupe. Katika miezi ya kiangazi hesabu siku nne hadi sita, masika ni zaidi ya wiki. Njia ya kujua bila kubahatisha: pima madonge kumi kwenye mizani ya duka leo jioni, yapime hayohayo kesho jioni. Uzito ukiwa umeshuka, bado. Ukiwa uleule, yamekauka. Kisha liangushe moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likigawanyika vipande viwili halina shida. Likisambaa chengachenga, uji wako haukuiva au unga haukuchekechwa. Ukiweza, tengeneza mengi kati ya Agosti na Oktoba uweke akiba, maana mvua zikianza mkaa wa tanuri unalowa njiani na bei yake inapanda, na wewe utakuwa na bidhaa kavu.

Tuhesabu hela zako. Pipa 15,000, wavu na bomba 5,000. Umebaki na 18,000. Awamu moja ya kilo 20 tuiweke hivi, nawe ubadilishe kwa bei za mtaani kwako: chenga 3,000, unga wa muhogo 2,000, toroli 1,500, mifuko 1,500. Jumla 8,000, yaani 400 kwa kilo. Ukiuza kilo kwa 1,000 unapata 20,000, na 12,000 inabaki kama malipo ya kazi yako ya siku mbili hivi, ukiacha siku za kungojea jua. Si hela za kujengea nyumba. Lakini ukijaribu kulipa mkopo wa 850,000 kwa 12,000 hizo, ukiongeza riba ya kila wiki, utaelewa kwa nini watu wanaiita mikopo hiyo kausha damu. Mashine ina maana siku ile ambayo wateja wanakuja na mikono yako imeshindwa kuwatimizia, na hata siku hiyo uanzie SIDO kuuliza bei na kuona mashine ikifanya kazi, au ujiunge na kikundi cha wanawake mwombe mkopo wa halmashauri usio na riba.

Sasa sikiliza kwa makini hapa kwenye kipimo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza faida bila kujua. Usiuze kwa sado. Mkaa wa kawaida ni mwepesi na una mapengo mengi, donge lako ni zito na linajipanga vizuri. Jaza sado ya mkaa uipime, kisha jaza sado ya madonge uipime. Utakuta ya kwako ina uzito wa karibu mara moja na nusu, pengine zaidi. Ukiuza sado kwa bei ya mkaa, uzito huo wa ziada unaugawa bure kila mara. Ukiiuza kwa bei ya juu, mteja anaona unamlangua, kwa kuwa jicho lake linaona sado ileile. Uza kwa pakiti ya kilo moja, au kwa idadi. Pima madonge yako uone kilo ina mangapi, ya ukubwa huo mara nyingi ni kati ya 20 na 25, uandike idadi hiyo kwenye pakiti.

Na chagua mteja. Madonge haya yanachelewa kushika moto, yakishika yanakaa muda mrefu na joto lake ni la upole. Anayetaka chai ya haraka saa kumi na mbili asubuhi atakulaani. Anayechemsha maharage, makande au kande la ngano, mifupa ya supu, au anayepasha maji ya kuoga ya nyumba nzima, huyo ndiye wako. Anza na mama lishe watatu na nyumba tano za karibu, usiende mbali. Watakuwepo wa kukuambia nenda mashuleni, kwa kuwa serikali imezuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024. Ni kweli imezuia. Lakini shule moja inakula kwa siku kile unachokausha kwa wiki, na ukishindwa kupeleka mara moja tu hawatakuita tena. Acha shule kwa sasa.

Mfundishe mteja kuwasha, usimwachie abahatishe. Vipande vichache vya mkaa wa kawaida vianze chini, vikishakuwa vyekundu aweke madonge juu yake, apepee kidogo, aache. Asichokoechokoe. Donge linajivika majivu mepesi nje huku ndani ni jekundu, akilichokoa linavunjika na joto linakwisha. Hiyo peke yake imerudisha wateja wengi niliowaona wakilalamika.

Mambo mawili ya usalama, na haya siyasemi kwa kupita. La kwanza: huko kwenu kuna viwanda vinavyotia dawa nguzo za umeme. Vumbi, vipande wala mabaki ya nguzo hizo yasiingie kwenye pipa lako kamwe. Kwa kawaida utayatambua kwa rangi yake ya kijani. Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu inayotoka na moshi na kubaki kwenye majivu ambayo mtu atayamwaga bustanini. Vilevile vumbi la plaiwudi na mbao za gundi liache. Chukua vumbi kwa mwenye mashine anayepasua magogo tu, na umwone kwa macho yako akipasua.

La pili ni hewa. Mkaa wako ukishaiva hautoi moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, sawa na mkaa mwingine wote. Haina rangi wala harufu. Mafinga mwezi Juni na Julai watu wanaingiza jiko chumbani kujipasha moto na kufunga madirisha, na kuna familia ambazo haziamki. Madonge yako yanakaa na moto saa nyingi, kwa hiyo hatari yake usiku ni kubwa zaidi, na kwa kuwa hayafuki, hakuna cha kumwamsha mtu. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila pakiti: USILALE NA JIKO NDANI. Asiyejua kusoma umwambie kwa mdomo.

Ukishamaliza awamu ya kwanza na ile mizani ya duka ikakuambia yamekauka, usiyapeleke sokoni. Weka pakiti moja kwenye kapu, chukua na nusu kilo ya maharage, uende kwa jirani yako aliyekurudishia. Muombe radhi kwa zile sufuria, mrudishie hela yake kama hujamrudishia. Washa jiko lake mwenyewe, nje mlangoni, mkae mpige soga mpaka maharage yaive. Aone sufuria inabaki na rangi yake. Na ukiinuka kuondoka, jiko likiwa bado na moto, mwambie lilale hukohuko nje.

Shangazi